Farasi akigaagaa, ngoja uone kama atajikung'uta

Swali: Daktari habari yako. Niko Karen nafanya kazi ya saisi, huu ni mwezi wa tatu, mbeleni nilikuwa nachunga ng'ombe kwetu kwa hivyo farasi ni mpya kwangu. Kuna jike hapa kila nikimtoa tandiko anajitupa chini anagaagaa kwa vumbi, alafu akisimama anajitikisa kwa nguvu mpaka vumbi yote inaniingia macho. Mzee mmoja tunafanya kazi naye anasema hiyo ni tumbo inamuuma na lazima nimtembeze asigaagae. Ni ukweli? Na mbona ajitikise hivyo kama ndio ametoka kujipaka?

Jibu:

Huyo mzee wako usimcheke, kuna siku aliona farasi akigaagaa kwa tumbo na hiyo picha haijamtoka. Shida yake ni kwamba amechukua ile siku moja mbaya akaifanya kuwa ya kila siku. Jike anayejitupa chini punde tu umemtoa tandiko, akasimama, akajikung'uta mpaka masikio yakapigana makofi, alafu akainama kula nyasi kama hakuna kitu kimetokea, huyo yuko sawa. Na kitu kinanifanya niseme hivyo hata kabla sijamwona si kule kugaagaa, ni kule kujikung'uta kunakokujaza vumbi machoni.

Wacha nianzie kwa jasho maana ndio linaanzisha mambo. Ng'ombe umemzoea, hatoki jasho hivyo. Farasi anatoka jasho mwili mzima kama sisi, na jasho lake lina protini moja inaitwa latherini ambayo inafanya kazi kama sabuni, inasaidia jasho lipenye kwenye manyoya na lisambae ndio likauke haraka na mwili upoe. Ile povu nyeupe unaona katikati ya mapaja au pale hatamu inasugua shingo ndio hiyo sasa. Likikauka linabaki na chumvi, manyoya yanashikana vipande vipande, ngozi inavutika. Ongeza hapo tandiko ambalo limekaa juu ya mgongo saa nzima limekandamiza manyoya na kuziba hewa, na mshipi wa tumboni umekazwa. Wewe ukivua soksi yenye lastiki imekubana tangu asubuhi, si kitu cha kwanza unafanya ni kukuna hapo? Sasa fikiria hiyo soksi ni mgongo mzima na huna mikono.

Maana hapo ndio farasi amekosa bahati. Mdomo wake unafika kwenye mbavu, kwato ya nyuma anaweza kuileta mbele akajikuna nyuma ya sikio, lakini kuanzia pale shingo inapokutana na mgongo mpaka kiunoni hakuna kitu chake kinafika. Amebaki na njia tatu, apate mwenzake wakunane, apate mti ama nguzo ya ua, ama alale chini atumie ardhi. Mwenzake ndio anapenda zaidi, utawaona wawili wamesimama kila mmoja akiangalia upande wa mwingine wanang'atana polepole juu ya mabega, na watu wamepima wakakuta farasi akikunwa hapo mapigo ya moyo yake yanashuka. Lakini mwenzake hayupo kila saa, ardhi iko.

Ukitaka kujua kama anagaagaa kwa raha, angalia vile anashuka, usiangalie tu vumbi. Farasi mzima anachagua mahali. Anatembea kichwa kikiwa chini ananusa, anakwaruza na mguu wa mbele mara mbili tatu, anazunguka kidogo kama mbwa anayetafuta pa kulala, alafu anakunja miguu ya mbele kwanza na nyuma inafuata. Anasugua shingo, bega, mbavu, anatupa miguu juu. Wengine wanapinduka mpaka upande wa pili kwa mara moja, wengine hawawezi kwa sababu mgongo wao umeinuka sana pale mabegani ama wamenenepa, hao wanasimama wakalala tena upande ule mwingine, na hiyo si ugonjwa. Yote inachukua kama nusu dakika, ikiwa ndefu sana dakika moja. Kusimama ananyoosha miguu ya mbele kwanza kisha anajisukuma na ya nyuma, kinyume cha ng'ombe wako ambaye anainua makalio kwanza, kwa hivyo usishtuke ukimwona amekaa kama mbwa sekunde moja, ndio anajiandaa.

Na mahali wanachagua si popote. Wanapenda udongo mkavu, laini, usio na nyasi. Kwenye uwanja wenu lazima kuna kiraka kimoja ama viwili vimebaki udongo mtupu mwekundu na kila farasi anaenda pale pale, mmoja akianza wengine wanapanga laini kama matatu stage. Punda milia wanafanya hivyo hivyo, ukipita mbuga ya Nairobi wakati wa kiangazi utaona vishimo vya vumbi vya duara katikati ya nyasi, ni bafu zao. Kwa farasi wa porini kuna mambo ya harufu ndani yake pia, dume anagaagaa pale wengine wamegaagaa na mara nyingi yule mkubwa anakuja mwishoni ndio harufu yake ibaki juu. Kwa hivyo ule unusaji kabla ya kulala anaangalia pia nani alipita hapo. Lakini jike wako ametoka jasho, yake kubwa ni ngozi.

Sasa vumbi yenyewe inafanya nini. Umewahi kuona mama akipika chapati, unga wa kunyunyizia pale mezani? Donge likiwa na maji linashika kila kitu, ukinyunyizia unga kavu juu linaachana. Vumbi kwa manyoya yenye jasho ni huo unga. Inanyonya unyevu, manyoya yaliyoshikana yanaachana, ngozi inaanza kupumua. Inayobaki inakuwa kizuizi kidogo cha nzi na wale wadudu wadogo wa jioni, ndio maana wakati wa mvua anakubali hata matope, na hapo ndio utalia wewe na brashi yako.

Ndio tunafika kwa swali lako la pili, mbona ajipake alafu ajikung'ute. Ni kwa sababu hakuwa anataka vumbi yote. Anataka ile iliyofika ndani kwenye ngozi na iliyonyonya jasho, ile ingine imekaa juu juu ni mzigo, imebeba majani, mawe madogo, manyoya yaliyokufa. Kujikung'uta ndio kunatenganisha. Mtazame kesho: anapanua miguu minne, anashusha shingo, na mtikiso unaanzia kichwani, unapita shingoni, mabegani, mgongoni mpaka mkiani kama wimbi. Ngozi ya farasi haijashikana na mifupa kwa karibu, iko na ulegevu, kwa hivyo mwili ukigeuka kulia ngozi inachelewa kidogo, mwili ukirudi kushoto ngozi ndio kwanza inaenda kulia, na ule mvutano ndio unarusha vitu nje. Ni kama kukung'uta mkeka, ukiusukuma polepole hakuna kitu kinatoka, lazima kuwe na ule mrusho wa ghafla. Wanyama karibu wote wenye manyoya wanatumia hii, na kadiri mnyama ni mdogo ndio lazima atikisike haraka zaidi ndio maji yatoke. Panya mdogo wa nyumbani anajitikisa karibu mara 30 kwa sekunde moja, mbwa mkubwa kama mara 4 ama 5 tu zinamtosha. Baada ya hapo manyoya yamesimama na hewa imeingia katikati, asubuhi za Julai hapa Nairobi hiyo hewa ndio blanketi yake.

Usichanganye na ule mtetemo mdogo wa ngozi pale nzi akitua. Ule ni wa msuli mwembamba chini ya ngozi, unatetemesha sehemu moja tu na yeye anaendelea kula. Kujikung'uta ni mwili mzima, na ndio maana kunaniambia mengi.

Fikiria unajitikisa hivyo ukiwa na tumbo linakata. Huwezi. Ukiwa na maumivu ya tumbo unakaza misuli, unatembea umejikunja, hata kukohoa unaogopa. Farasi ni vile vile, ndani kuna utumbo mpana wenye urefu wa mita 3 mpaka 4 umekunjwa mara mbili na sehemu kubwa yake inaning'inia tu bila kufungwa kwa ukuta wa tumbo. Ukiwa umejaa gesi ama umeziba, kila mtikiso ni adhabu. Kwa hivyo farasi mwenye koliki, yaani msokoto wa tumbo, anashuka chini kwa sababu anatafuta namna ya kukaa ambayo haiumi, haipati, anasimama na vumbi yake yote mgongoni, anakaa kidogo, anashuka tena. Hajikung'uti. Ukimwona asubuhi stebo na mabaki ya nyasi kavu na maranda yamebandika ubavuni na hajayatikisa, hapo simama umwangalie vizuri kabla hujampa chakula.

Hiyo dalili si sheria lakini. Nimeona farasi mwenye gesi kidogo akijikung'uta, na nimeona mzima akasahau kwa sababu mbwa alibweka akakimbia. Ndio maana nakwambia ni ya kukufanya uangalie zingine.

Kuna kesi moja nitakupa, nimebadilisha vitu kidogo ndio mwenyewe asijulikane. Ni upande wa Lang'ata, farasi wa miaka 14, aliyehasiwa, alikuwa wa mbio zamani. Ilikuwa Februari, kiangazi, nyasi ya uwanjani imeisha kwa hivyo anakula hei kavu, na karai la maji lilikuwa limeota ukungu wa kijani, farasi akawa anakunywa kidogo kidogo. Farasi wa ukubwa huo anahitaji maji kama lita 25 kwenda juu kwa siku, wakati wa joto hata 50. Jioni saisi akamwona amegaagaa. Hakujali, alikuwa amemwendesha asubuhi. Dakika chache akagaagaa tena, akasimama na majani mgongoni, akageuza shingo kuangalia ubavu wake wa kushoto. Mara ya tatu hakugaagaa hata, alilala tu kifudifudi akanyoosha mdomo wa juu kama mtu amesikia harufu mbaya. Yote hiyo ni kwa dakika 20. Huyo saisi alikuwa na akili, aliniambia kwa simu maneno machache ambayo yalinitoa kwa chakula: "Daktari, hajitikisi, hajanya tangu mchana."

Lakini kabla anipigie kulikuwa na mtu mwingine hapo, simtaji, alikuwa amemlambisha paketi ya dawa ya maumivu iliyobaki kutoka kwa farasi mwingine aliyechechemea. Nilipofika farasi alikuwa ametulia, anaonekana mzuri, na mwenyewe karibu anirudishe nyumbani. Hiyo ndio ubaya wa dawa ya maumivu, inanyamazisha ile kengele na moto bado unawaka. Nikamshika chini ya taya pale mshipa unapita juu ya mfupa, nikahesabu mapigo 13 kwa sekunde 15. Zidisha kwa 4 unapata 52. Farasi mkubwa aliyepumzika anakuwa kati ya 28 na 44, na huyu amekunywa dawa na bado yuko 52. Fizi zilikuwa za rangi ya waridi lakini zinanatanata, nilizibonyeza na kidole nikahesabu, damu ikarudi sekunde 2 na kidogo, mzima inarudi kabla ya 2. Nikaweka sikio ubavu wa kushoto. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma kama lori mbali huko, huyu kushoto nilisikia kimya karibu kabisa.

Nikamchunguza kwa mkono kupitia nyuma, na kushoto chini nikapata kitu kama unga wa ugali uliokandwa ukakauka kidogo, mrefu kama mkono wangu. Hapo ni pale utumbo mpana unapinda kona karibu na nyonga, na kwenye kona hiyo njia inakuwa nyembamba kuliko kule kunakotoka chakula. Nyasi kavu na maji kidogo, zikifika kona zinasimama. Kwa bahati hii ndio ile koliki unaweza kutibu hapo hapo stebo. Nikapitisha mpira kwa pua mpaka tumboni, kwanza kuangalia kama kuna maji yamerudi nyuma, maana farasi hawezi kutapika, ile mlango wa tumbo la juu umekazwa sana, likijaa linaweza kupasuka kabla atapike. Hakukuwa na kitu, kwa hivyo nikamwekea lita 6 za maji ya vuguvugu yenye chumvi, na nikarudia kila baada ya saa chache. Chakula kikaondolewa chote, dawa ya maumivu nikapima mimi mwenyewe kwa mshipa. Alikaa hivyo usiku. Kesho yake saa tano asubuhi akatoa kinyesi kidogo kigumu chenye utando mweupe, baadaye kingine laini. Karai likasuguliwa, hei ikawa inaloweshwa kabla ya kupewa. Siku ya tatu saisi akanitumia video kwa wosap, farasi amegaagaa pale uwanjani na amesimama anajikung'uta, hakuandika chochote, video tu.

Sasa wewe na jike wako. Nataka ujue yeye wa kawaida akoje, kwa sababu nambari za vitabu ni za farasi wote na huyo ni mmoja. Wiki hii akiwa ametulia kabla ya kazi, mhesabie mapigo mara kadhaa, sekunde 15 mara 4, uandike kwa simu. Akiwa ni wa 34 kila siku, siku moja ukipata 48 akiwa amesimama tu hajafanya kazi, usingoje, piga simu. Ikipita 60 hapo hakuna mjadala tena, mwambie daktari hiyo nambari kwa simu ndio ajue ni haraka kiasi gani. Angalia pia kinyesi, farasi anakunya mara 8 mpaka 12 kwa siku hivi, kwa hivyo banda likiwa safi asubuhi bila wewe kulisafisha, hiyo si habari njema. Mengine utayaona na macho: anakataa chakula, anakwaruza na mguu bila kulala, anapiga tumbo na mguu wa nyuma, anatoka jasho na hajakimbia, anageuka geuka kuangalia ubavu. Kugaagaa mara moja na kujikung'uta hakuna hapo ndani.

Kuhusu kumtembeza, hapo mzee na mimi tutabishana kidogo. Watu wengi wanaamini farasi akigaagaa utumbo unajisokota, ndio wanamtembeza usiku mzima mpaka mnyama na mtu wote wamechoka. Mara nyingi ni kinyume, utumbo umeshajisokota ama umeshaziba ndio maumivu yanamfanya agaagae. Kumtembeza dakika 10 hivi kunaweza kusaidia gesi isonge na kunamzuia asijiumize, sikatai, lakini hakutasokotoa utumbo uliosokotwa. Akiwa amelala kimya, mwache alale ukingoja daktari. Akiwa anajirusha kwa nguvu, toka ndani ya banda, kilo 450 na kwato nne hazina urafiki na wewe. Na tafadhali usimpe dawa ya maumivu kabla ya kuongea na daktari, umeona ile ya Lang'ata.

Lakini kwa huyo wako mzima, ukimkataza kugaagaa unamnyima kitu anahitaji. Ukimtoa tandiko mpeleke kwa kile kiraka cha vumbi ukiwa umemwachia kamba ndefu, ama mfungue kabisa uwanjani. Fanya hivyo kabla ya kumrudisha bandani, kwa sababu akikosa nafasi nje atagaagaa ndani, na ndani kuna ukuta. Banda la mita 3.6 kwa 3.6 linamtosha kusimama na kulala, lakini akipinduka karibu na ukuta miguu inakwama, hawezi kuinuka, anaanza kupiga ukuta na kuogopa, na hapo watu wanakujia mbio na kamba. Nimevuta farasi kadhaa hivyo saa nane ya usiku na si kazi ya mtu mmoja. Ukimwosha na maji, jua tu atagaagaa pia, usikasirike, maji yameondoa ile vumbi yake na manyoya yamelala, kwake yeye wewe ndio umechafua.

Kitu kingine, akianza kunusa chini na kukwaruza wakati kuna mtu mgongoni, hasa kwenye mchanga ama akiingia mtoni, mwambie huyo mtu amsukume mbele haraka. Farasi hajali kama tandiko la watu liko mgongoni, atalala nalo, na fremu ya ndani ikivunjika hilo tandiko halitengenezeki vizuri tena, mguu wa mpandaji sitaki hata kuongea.

Na akigaagaa mara nyingi kwa siku lakini anakula vizuri, anakunya vizuri, na anajikung'uta kila mara, acha tumbo uangalie ngozi. Fungua manyoya ya shingo na shina la mkia. Kama amejisugua mpaka upara umetokea hapo, tafuta kupe, chawa, ama mzio wa wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Huyo atahitaji dawa ya ngozi na kuingizwa ndani mapema kabla giza, na kugaagaa kutapungua kwenyewe.

Kando kidogo, kwa sababu najua mko na punda pia wa kubeba maji huko nyuma. Yote nimesema ya koliki kwa farasi usiyategemee kwa punda. Punda anapenda vumbi kuliko farasi, na wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nadhani walikuwa wamewaona punda. Lakini punda akiumwa na tumbo mara nyingi hagaagai hata, anasimama tu kichwa chini, masikio yamelegea, hataki kula. Ukingoja punda agaagae ndio umwite daktari utakuwa umechelewa sana, kwa punda kukataa chakula tu kunatosha.

Hiyo ya vumbi machoni sasa ni wewe unasimama vibaya. Akisimama kutoka chini ana kama sekunde moja ama mbili kabla ya kujikung'uta, anapumua kwa pua, anapanua miguu, shingo inashuka. Ukiona miguu imepanuka, rudi nyuma hatua tatu, simama upande upepo unakotoka na ufunge mdomo.